Letter na A4: Hesabu ya Milimita Kabla ya Kuchapa

Karatasi ya Letter, ambayo ndiyo karatasi ya kawaida ya ofisini huko Marekani na Kanada, ina upana wa inchi 8.5 na urefu wa inchi 11. Karatasi ya A4, ile inayouzwa kwa rimu katika kila steshenari ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Kwa kuwa moja hutajwa kwa inchi na nyingine kwa milimita, namba zenyewe hazisemi ipi ni kubwa. Macho nayo hayasaidii sana, kwani karatasi hizi mbili zikiwekwa mbalimbali juu ya meza hufanana mno.

Printa, hata hivyo, huzitofautisha. Faili lililoandaliwa kwa Letter likitumwa kwenye printa iliyojazwa A4, mojawapo ya mambo matatu hutokea: maandishi hupunguzwa ukubwa kimyakimya, au hukatwa pembeni, au printa husimama na kudai karatasi ambayo haipo dukani. Jambo hili huwakuta watu wengi wa Afrika Mashariki, kwa sababu nyaraka nyingi hutoka Marekani zikiwa katika Letter: fomu za maombi ya vyuo, fomu ya kodi ya W-8BEN ambayo wanaolipwa na kampuni za Marekani hutakiwa kuijaza, miongozo ya mashine, na pateni za kukatia nguo. Kinachohitajika ili kujua mapema litakalotokea ni hesabu fupi ya kuzidisha na kutoa.

Hesabu hiyo huanzia kwenye inchi yenyewe. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, bila desimali nyingine zinazofuata. Ukamilifu huo ulipatikana kwa makubaliano ya mwaka 1959, pale Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini zilipokubali inchi moja ya pamoja. Kabla ya hapo inchi ya Marekani na ile ya Uingereza zilipishana kwa kiasi kidogo sana, ambacho hakikumsumbua mpiga chapa lakini kiliwasumbua watengenezaji wa vipuri. Leo mtu anayezidisha kwa 25.4 hapati makadirio, bali kipimo chenyewe.

Upana wa Letter hupatikana hata bila kikokotoo. Inchi 8 zikizidishwa kwa 25.4 ni milimita 203.2, na nusu inchi ni milimita 12.7, hivyo jumla ni milimita 215.9. Urefu wake ni 11 mara 25.4, yaani milimita 279.4. Kwenye pakiti za karatasi na katika orodha za printa vipimo hivi mara nyingi huandikwa 216 kwa 279, na hilo halina ubaya kwa mnunuzi wa karatasi. Anayepanga pambizo, au anayetaka kujua kama mstari wa pembeni utakatwa, afanye hesabu yote kwa desimali moja au mbili na kukadiria mwishoni tu. Sehemu moja ya kumi ya milimita ikitupwa katika kila hatua, hatua nne zinaweza kuleta kosa linaloonekana kwa macho. Kanada kwa upande wake ina kiwango chake kiitwacho P4, ambacho kimekadiria Letter kuwa 215 kwa 280, na ndiyo maana vipimo vya karatasi inayoitwa kwa jina lilelile vinaweza kuonekana kupishana kidogo kati ya chanzo kimoja na kingine.

Sasa karatasi hizo mbili zinaweza kulinganishwa kwa kipimo kimoja. Letter ni pana kuliko A4 kwa milimita 5.9, lakini ni fupi kuliko A4 kwa milimita 17.6. Hapa ndipo kiini cha suala lote kilipo, na ndipo watu wengi wanapokosea kwa kudhani kwamba moja ni kubwa na nyingine ni ndogo. Kwa eneo, A4 huizidi Letter kwa asilimia tatu na kidogo tu. Tatizo ni umbo. Moja imezidi kwa upana na nyingine kwa urefu, kwa hiyo hakuna inayoweza kulala juu ya nyingine na kuifunika yote. Anayetaka kuliona hili achukue karatasi moja ya kila aina na kuzilinganisha kwenye kona ya juu kushoto. Upande wa kulia itachomoza Letter kwa karibu milimita sita, na upande wa chini itachomoza A4 kwa karibu sentimita moja na robo tatu.

Umbo la A4 halikuja kwa bahati. Karatasi za kundi la A zimejengwa juu ya uwiano mmoja wa upana na urefu, 1 kwa kipeo cha pili cha 2, yaani takriban 1 kwa 1.414. Uwiano huo una sifa ambayo hakuna mwingine ulio nayo: karatasi ikikunjwa katikati ya urefu wake, nusu inayopatikana huwa na umbo lilelile la karatasi nzima. Mwanafizikia Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg alilieleza jambo hilo katika barua ya mwaka 1786. Mwaka 1922 Ujerumani ililigeuza kuwa kiwango cha taifa, kazi iliyofanywa na Walter Porstmann, na mwaka 1975 likawa kiwango cha kimataifa kwa jina la ISO 216. Mwanzo wa kundi hilo ni A0 yenye eneo la mita moja ya mraba, na kila ukubwa unaofuata ni nusu ya uliotangulia. A4 basi ni sehemu ya kumi na sita ya mita ya mraba. Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba hutoa A4 yenye uzito wa gramu 5 hivi, na rimu ya karatasi 500 ina uzito wa karibu kilo mbili na nusu.

Letter haina mpangilio wa namna hiyo. Uwiano wake ni 1 kwa 1.294, na ikikunjwa katikati hutoa umbo refu zaidi lenye uwiano wa 1 kwa 1.545. Hata nchini Marekani kwenyewe haikuwa karatasi ya kila ofisi. Serikali ya shirikisho ilitumia kwa miongo kadhaa karatasi ndogo zaidi ya inchi 8 kwa 10.5, hadi ilipohamia Letter mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mbali na Marekani na Kanada, Letter hutumika sana Meksiko, Ufilipino na baadhi ya nchi za Amerika ya Kusini, kwa hiyo haielekei kutoweka karibuni.

Tofauti ya umbo ina matokeo ambayo hakuna mpangilio wa printa unaoweza kuyafuta. Ili ukurasa wa Letter ujaze A4 kikamilifu, upana wake ungepaswa kupunguzwa hadi asilimia 97.3, na urefu wake kuongezwa hadi asilimia 106.3. Kufanya yote mawili kwa pamoja ni kuvuta herufi na picha ziwe nyembamba na ndefu, na duara kugeuka yai. Kwa hiyo lazima kuchagua kati ya njia mbili: kuchapa kwa ukubwa halisi na kukubali kwamba pambizo zitabadilika, au kupunguza ukurasa wote kwa asilimia moja kwa pande zote na kuacha nafasi tupu juu na chini. Uchaguzi huo hauamuliwi na vipimo vya karatasi. Unaamuliwa na umbali uliopo kati ya maandishi na ukingo.

Kabla ya kuchagua, ni lazima kwanza kujua faili limeandaliwa kwa karatasi ipi, kwani skrini huonyesha ukurasa mweupe tu. Kwenye faili la PDF lililofunguliwa kwa Acrobat Reader, jibu liko chini ya `File > Properties`, kwenye mstari wa `Page Size`. Hapo huandikwa 8.50 x 11.00 in kama ni Letter, au 210 x 297 mm kama ni A4. Hata hivyo programu ikiwa imepangwa kuonyesha inchi, A4 itajitokeza kama 8.27 x 11.69 in, namba ambazo mtu asiyezizoea huweza kudhani ni aina ya tatu ya karatasi. 8.27 mara 25.4 ni 210.06, na 11.69 mara 25.4 ni 296.93. Ni A4 ileile iliyokadiriwa kwa inchi.

Kwa anayetumia kompyuta ya Linux yenye zana za Poppler, amri moja inatosha:

```
pdfinfo fomu.pdf
```

Katika majibu yake utakuwemo mstari kama huu:

```
Page size:      612 x 792 pts (letter)
```

Namba hizo ni pointi, kipimo ambacho PDF hukitumia kwa ndani, na pointi 72 hufanya inchi moja. Ukigawanya 612 kwa 72 unapata 8.5, na 792 kwa 72 ni 11. Faili la A4 huonyesha takriban 595 kwa 842. Namba 612 ikionekana mahali pa upana, hakuna haja ya hesabu zaidi. Hiyo ni Letter.

Hatua inayofuata ni kujua pambizo zitakuwaje. Ukurasa wa Letter ukichapwa kwa ukubwa halisi katikati ya A4, zile milimita 5.9 za upana uliozidi hugawanywa sawasawa, na kila upande hupoteza milimita 2.95. Zile milimita 17.6 za urefu uliopungua nazo hugawanywa, na juu na chini huongezeka milimita 8.8 kila mahali. Kanuni nzima ya kutoka Letter kwenda A4 ni hiyo: pambizo za pembeni hupungua kwa milimita tatu hivi, na pambizo za juu na chini huongezeka kwa milimita tisa hivi. Kutoka A4 kwenda Letter mambo hugeuka kinyume.

Kuna kipimo kimoja zaidi cha kukumbuka, nacho ni ukanda ambao printa haiwezi kuugusa. Printa nyingi za leza za ofisini haziwezi kuweka wino karibu na ukingo kwa kiasi cha milimita nne hivi. Katika printa nyingi ukanda huo ni sehemu ya sita ya inchi, yaani milimita 4.2. Chochote kinachoangukia humo hakichapwi. Kwa hiyo swali la kila faili ni moja: baada ya kutoa milimita 2.95, je, kinachobaki pembeni kinazidi milimita 4.2?

Chukua fomu ya Letter iliyozungushiwa fremu nusu inchi kutoka kila ukingo, mpangilio unaopatikana katika fomu nyingi za serikali. Nusu inchi ni milimita 12.7. Fremu yenyewe basi ina upana wa inchi 7.5 na urefu wa inchi 10, sawa na milimita 190.5 kwa 254. Ikiwekwa katikati ya A4, pembeni zitabaki milimita 9.75, yaani 12.7 kutoa 2.95, na juu na chini zitabaki milimita 21.5. Milimita 9.75 ni zaidi ya mara mbili ya ukanda usioguswa na printa. Fomu hiyo itachapwa yote kwa ukubwa halisi, bila kupoteza hata mstari mmoja, na hakuna sababu yoyote ya kuipunguza. Barua au ripoti yenye pambizo za kawaida za inchi moja ina nafasi kubwa zaidi ya hapo, kwa kuwa itabakiwa na milimita 22.45 kila upande.

Hata hivyo, printa nyingi zitaipunguza fomu hiyo zisipokatazwa. Katika dirisha la kuchapa la Acrobat Reader, chaguo la `Fit` na lile la `Shrink oversized pages` hutazama ukubwa wa ukurasa, si mahali maandishi yalipo. Ukurasa una upana wa 215.9 na karatasi ina 210. Programu huona kwamba ukurasa umezidi na kuupunguza wote, ingawa sehemu iliyozidi ni nyeupe tupu. Kiasi cha kupunguza hutegemea kama programu inalenga ukingo wa karatasi au mwisho wa eneo linalochapika. Katika hali ya kwanza ni asilimia 97. Katika hali ya pili, A4 yenye ukanda wa milimita 4.2 kila upande imebakiwa na upana wa milimita 201.6, na 201.6 gawanya kwa 215.9 ni asilimia 93. Herufi za ukubwa wa pointi 8 katika fomu ya kodi hushuka hadi pointi saba na nusu, na visanduku vya kujazia kwa kalamu hubana zaidi. Chaguo sahihi kwa fomu hii ni `Actual size`.

Hali hubadilika maandishi yanapokaribia ukingo. Tuseme kuna jedwali la Letter lililotanuliwa hadi robo inchi kutoka kila upande. Robo inchi ni milimita 6.35, na ukitoa 2.95 inabaki 3.4. Hiyo ni pungufu ya 4.2, kwa hiyo mstari wa kushoto na wa kulia wa jedwali utaliwa. Hapa kupunguza kunahitajika, lakini si kwa kiasi ambacho programu ingechagua yenyewe. Jedwali lina upana wa inchi 8, yaani milimita 203.2, na eneo linalochapika lina milimita 201.6. Ya pili ikigawanywa kwa ya kwanza inatoka asilimia 99.2. Anayeandika 99 kwenye `Custom Scale` ataliona jedwali lote likiwa limepungua kwa milimita mbili tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua. Mashine ingelipunguza kwa zaidi ya milimita 13.

Kuna nyaraka ambazo hazivumilii hata asilimia moja, nazo ni zile ambazo kipimo chake kwenye karatasi ndicho kazi yenyewe. Ramani yenye skeli, kiolezo cha kutobolea ukuta, rula ya kuchapa, na zaidi ya zote pateni ya nguo. Mafundi cherehani wengi siku hizi hununua pateni za PDF kutoka Marekani. Pateni hizo zimegawanywa katika kurasa nyingi za Letter, ambazo baada ya kuchapwa huunganishwa kwa gundi hadi zitoe kipande kizima. Kila ukurasa ukipunguzwa, vipande bado vitaungana vizuri, mistari itakutana, na hakuna kitu mezani kitakachoonyesha kosa. Kosa litajulikana siku mteja anapojaribu nguo.

Hesabu yake ni hii. Kipande cha robo ya sketi kina milimita 240 kwenye nyonga. Kikichapwa kwa asilimia 97 kinakuwa na milimita 232.8, na kimepoteza milimita 7.2. Sketi ina robo nne, kwa hiyo nyonga nzima imepungua kwa karibu sentimita tatu. Kwa asilimia 94 kila robo hupoteza milimita 14.4, na nguo nzima hupungua kwa karibu sentimita sita. Hiyo ni zaidi ya saizi moja, na kitambaa kikishakatwa hakirudi.

Ndiyo maana waandaaji makini huweka kwenye ukurasa wa kwanza mraba wa kupimia, mara nyingi wa inchi moja au zaidi kila upande. Mraba huo uchapwe peke yake kwanza, kisha upimwe kwa rula ya milimita. Mraba wa inchi moja unapaswa kuwa na 25.4. Ukitoka 24.6, faili limepunguzwa hadi asilimia 97, ukitoka 23.9 au chini zaidi, limepunguzwa hadi 94 au pungufu. Tatizo ni kwamba tofauti ya 25.4 na 24.6 ni ndogo kwa rula ya kawaida, na mkono unaotetemeka kidogo huweza kuikosa. Ni bora kutafuta mstari mrefu zaidi kwenye pateni ambao kipimo chake kimeandikwa. Mstari wa inchi 6 unapaswa kuwa na milimita 152.4, na kwa asilimia 97 utatoka 147.8. Hapo hata mtu asiyezoea kupima ataona kuwa zimepungua karibu nusu sentimita.

Safari ya kurudi, kutoka A4 kwenda Letter, ina hatari yake tofauti, na wanaotuma nyaraka Marekani huisahau. Pembeni huongezeka nafasi, kwa hiyo hapo hakuna shida. Juu na chini hupungua milimita 8.8 kila upande. Maandishi ya ndani yenye pambizo za milimita 25.4 yatabakiwa na 16.6, na yatasalimika. Lakini namba za kurasa haziko ndani ya maandishi. Katika Word, kijachini huwekwa kwa kawaida sentimita 1.25 hivi kutoka ukingo wa chini. Milimita 12.5 kutoa 8.8 ni 3.7, ambayo iko ndani ya ukanda usiochapika. Msomaji wa upande wa pili akichapa kwa ukubwa halisi anaweza kupata waraka ambao namba zake za kurasa zimekatwa sehemu ya chini au hazipo kabisa, huku kila kitu kingine kikiwa salama. Dawa ni ndogo: kijachini na kijajuu viwekwe angalau milimita 15 kutoka ukingo katika waraka wowote unaotarajiwa kuvuka bahari. Waraka wenye pambizo za kutosha pande zote unaweza kuchapwa kwenye karatasi yoyote kati ya hizo mbili bila kuguswa.

Kama faili si PDF bali ni la Word au Google Docs na linaweza kuhaririwa, inawezekana kubadili karatasi yenyewe. Katika Word ni `Layout > Size`, na katika Google Docs ni `File > Page setup > Paper size`. Mabadiliko haya hayapunguzi herufi. Hupanga upya maandishi ndani ya nafasi mpya. Kwa pambizo za inchi moja, nafasi ya maandishi kwenye Letter ni milimita 165.1 kwa 228.6. Kwenye A4 ni 159.2 kwa 246.2. Kila mstari unafupishwa kwa takriban milimita sita, na kila ukurasa unapata nafasi ya mistari mitatu zaidi ya herufi za pointi 12. Aya zinahama, jedwali lililokuwa mwisho wa ukurasa linaruka, na kitu kilichokuwa ukurasa wa 14 kinaweza kuwa cha 13. Kwa barua ya ukurasa mmoja hilo si neno. Kwa tasnifu au ripoti yenye yaliyomo na marejeo ya namba za kurasa, karatasi ibadilishwe mwanzoni mwa uandishi. Ikibadilishwa mwishoni, yaliyomo yasasishwe na kila picha na jedwali likaguliwe upya.

Word ina tabia nyingine inayowachanganya watu. Chini ya `File > Options > Advanced`, katika sehemu ya `Print`, kuna kisanduku kinachosema `Scale content for A4 or 8.5 x 11" paper sizes`, nacho huwa kimewekwa alama tangu mwanzo. Kikiwa na alama, Word hupunguza waraka wa Letter ili uenee kwenye A4 bila kuuliza. Kwa barua kinasaidia. Kwa mchoro wenye vipimo kinaharibu, na ni vyema alama iondolewe kabla ya kuchapa.

Inabaki hali ya printa iliyosimama. Taa inawaka, na kwenye kidirisha chake kumeandikwa `Load Letter` au kitu kinachofanana na hicho, huku trei ikiwa imejaa karatasi. Printa haijaharibika wala haijaishiwa karatasi. Faili limeiomba Letter, yenyewe inajua kuwa trei yake ina A4, na inasubiri. Katika printa nyingi, kubonyeza kitufe cha kuendelea huilazimisha itumie iliyopo. Matokeo yake hayatabiriki kwa urahisi, kwa sababu baadhi ya printa huweka ukurasa katikati na nyingine huupanga kuanzia kona. Ukipangwa kuanzia kona ya kushoto, milimita zote 5.9 hukatwa upande wa kulia badala ya kugawanywa, na pambizo ya robo inchi ya upande huo hubakia na chini ya nusu milimita.

Njia ya uhakika zaidi ni kufuta kazi hiyo kwenye kompyuta na kuituma upya, karatasi ikiwa imechaguliwa kuwa `A4` katika dirisha la kuchapa. Katika Acrobat Reader, kisanduku cha `Choose paper source by PDF page size` kiachwe wazi, kwa kuwa ndicho kinachomruhusu mwandishi wa faili aliyeko mbali kuiamrisha printa ya hapa itafute Letter. Tatizo likijirudia kwa kila faili, hata yale ya A4, chanzo chake kipo kwenye mipangilio ya printa. Huenda iliwekwa kwenye kompyuta ikiwa na Letter kama karatasi ya kawaida, jambo linalotokea sana pale kompyuta inapopangwa kwa Kiingereza cha Marekani. Karatasi hiyo hubadilishwa mara moja katika `Printing preferences` ya printa husika. Kwenye printa zenye kidirisha chake, ukubwa wa karatasi ya trei nao hukaguliwa, kwa sababu trei iliyoandikishwa kama Letter itaendelea kuleta mkanganyiko hata ikijazwa A4.